Picha tatu za kitandani: maneno ya kuandika chini ya picha wakati malaria imekulaza

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama wenye munasoma gazeti hii mbele ya mabwana zenu, leo ninaleta habari ya picha. Si picha ya shimo, si picha ya mukutano wa sendika. Ni picha ya miye mwenyewe nikiwa nimelala kitandani, blanketi mpaka kwenye kidevu, midomo imekauka, macho mekundu sawa mutu aliyepulizwa moshi ya kuni mubichi. Binti yangu alinipiga ile picha na telefone, akaniambia: «Papa, andika maneno chini, niweke ku statu.»

Munajua statu ya WhatsApp. Inakaa saa 24, halafu inapotea. Lakini ndani ya ile saa 24, maneno machache yenye umeandika yanaweza kukuletea dawa, ao kukuletea wadeni, ao kukurudisha shimoni mbele ya wakati. Miye niliweka picha tatu ndani ya siku tano. Mbili za kwanza niliandika vibaya, na kila moja ilinilipisha. Ya tatu ndiyo ilikuwa ya kweli. Nitawaelezea zote, moja kwa moja, juu kila moja inafundisha kitu juu ya huu ugonjwa.

Picha ya kwanza: «Gripi tu. Baridi ya Masisi imekuja kunisalimia»

Kwanza mujue nilikuwa ninatoka wapi. Nilikuwa nimeshuka Walikale kwa kazi ya sendika, kuzungumuza na wabebaji wa Njingala, wale wanajua njia ya pori ya kwenda Bisie kuliko wanavyojua njia ya kwenda nyumbani kwao. Nililala kule siku kumi na mbili. Musitikere niliacha kwetu Masisi, juu niliona begi inajaa. Usiku tulikaa inje kwa mazungumuzo mpaka saa tano, mikono wazi, miguu wazi. Mbu walikula mukutano pamoja na sisi, na wao hawakulipa mutaji.

Nilirudia Masisi nikiwa muzima kabisa. Nilipanda mulima, nikakula, nikacheka. Siku ya tisa kisha kurudia, asubui, mugongo ulianza kuuma. Mangaribi kichwa. Usiku nilitetemeka mpaka kitanda ikalia. Muke wangu aliniwekea blanketi ya pili, kisha nusu saa nikaitupa chini, jasho inatiririka.

Kwetu Masisi, kama mutu anatetemeka, wa kwanza kushitakiwa ni baridi. Milima yetu ni mirefu, kuna fasi inapita metre 2000, na mvua ya Rubaya inaingia mpaka kwenye mifupa. Wachimbaji wanakohoa juu ya vumbi, wanapiga chafya juu ya ukungu. Basi nami niliandika: «Gripi tu. Baridi ya Masisi imekuja kunisalimia.» Nikaweka kicheko kimoja mwishoni.

Watu walijibu kwa wingi. Mumoja: tangawizi. Mwingine: ndimu na asali. Wa tatu: kujifukiza na majani ya mukaratusi. Nilifanya zote. Nilifukizwa sawa samaki. Na siku mbili zilipita bure.

Hapa ndipo kosa. Gripi na malaria vinafanana mwanzoni: homa, kichwa, viungo, uchovu. Gripi mara mingi inakuja na mafua na kikohozi na koo yenye kuuma. Malaria mara mingi inakuja na kutetemeka, jasho, na kichefuchefu. Lakini hizo «mara mingi» hazitoshi. Kuna malaria yenye inakuja na kikohozi, na kuna gripi yenye inatetemesha. Mutu yeyote mwenye anasema anatambua malaria kwa kugusa paji ya uso, anabahatisha.

Kitu chenye kilipashwa kuniamusha ni safari. Kimelea cha malaria, kisha mbu kukiingiza ndani ya damu, kinaenda kwanza kujificha ndani ya maini. Kule kinazaa kimya kimya, na wewe haujisikii kitu. Kwa ile malaria kali ya kwetu, kwa kawaida inapita wiki moja mpaka wiki mbili, na mara ingine zaidi, ndipo inatoka ndani ya damu na homa inaanza. Ndiyo maana mutu anaumwa na mbu kule Walikale, lakini anaangukia kitandani Masisi, na majirani wanashitaki baridi ya Masisi. Baridi haikufanya kitu. Mwizi alishaingia ndani ya begi tangu Njingala.

Na tena kuna jambo lenye watu wa milima wanapashwa kusikia vizuri. Mutu aliyekomalia katika pori ya Walikale, penye joto na maji, anaumwa na malaria tangu utoto. Mwili wake unajifunza kidogo kidogo kupigana nayo. Haimaanishi hapati, anapata, lakini mara mingi akiwa mukubwa haimupige kwa nguvu ileile. Mutu wa milima ya Masisi hana ile masomo ya kutosha. Anaposhuka kutafuta kasiterite, anafika na mwili mugeni. Ndiyo maana ndani ya ekipe moja, shimo moja, nyumba moja ya sheeting, mutu wa pale anatembea na homa kidogo, na mwenzake wa milima anabebwa ku pikipiki. Si uvivu. Ni damu haijazoea.

Basi kanuni ya kwanza ya picha ya kitandani: musiandike jina ya ugonjwa mbele ya testi. Kama ningeandika «Homa, nilitoka Walikale siku tisa zimepita», hakika kungekuwa na mutu mumoja wa kuniambia «yaya, enda kupima». Lakini niliandika gripi, nao wakanitibu gripi.

Picha ya pili: «Nimesha pona. Kesho tunaonana kazini»

Siku ya tatu muke wangu alikasirika. Aliniambia: «Baba wa watoto, ile tangawizi imeisha na weye ungali unatetemeka. Simama twende.» Tukaenda kwenye kituo cha afya.

Testi ni kitu kidogo. Munganga anachoma kidole, anachukua tone moja ya damu, anaiweka ndani ya tundu ya kikaseti cha plastiki, anaongeza matone ya dawa, halafu munangojea. Testi mingi inaomba dakika 15, zingine 20. Kuna mustari wa C, ni mustari wa kuonyesha kama testi yenyewe ni nzima. Na kuna mustari wa T, ni wa malaria. Kama C haionekane, testi imekufa, hata T ikiwa pale, waombe ingine. Kama C na T vyote vinaonekana, hata T ikiwa nyembamba sawa uzi, ni malaria. Yangu haikuwa nyembamba. Ilikuwa nyekundu sawa barabara ya Sake kwenye kiangazi.

Walinipatia komprime za artemeter na lumefantrini, zile za miligramu 20 na 120. Mutu mwenye anafikia kilo 35 ao kupita, anameza komprime 4 kila mara, mara 6, ndani ya siku 3. Fanyeni hesabu: 24. Muhesabu mbele ya kutoka pale, juu hata ku farmasi fulani yenye sitataja, siku moja walipatia muchimbaji mwenzetu 12 wakamwambia inatosha mutu mukubwa. Ile ni nusu.

Saa zenyewe ni hizi. Miye nilimeza ya kwanza saa ine ya asubui, siku ya tatu. Ya pili inakuja saa 8 kisha, basi saa kumi na mbili ya jioni. Siku yenye kufuata, asubui na usiku. Siku ingine tena, asubui na usiku. Na kila mara mumeze pamoja na chakula chenye mafuta: maziwa, karanga, sombe ya mafuta ya ngazi, hata mandazi. Lumefantrini bila mafuta inapita ndani ya tumbo bila kuingia vizuri ndani ya damu. Mugonjwa anasema «sina hamu ya kula», na ni kweli, lakini kikombe kimoja cha maziwa ya Masisi kinatosha kuipeleka. Na kama umetapika mbele ya saa moja kutimia, urudilie ile dozi, na uende kuomba ingine ya kujaza fasi yake.

Sasa mujue kitu kimoja chenye kinadanganya. Hii dawa inaua haraka. Kisha dozi ya pili nililala vizuri. Asubui ya siku ya ine, kisha dozi ya tatu, homa ilikuwa imeshuka, nikaomba ugali. Nilijisikia simba. Nikaomba telefone, nikapiga picha ya pili mwenyewe, nikiwa nimekaa, nimevaa shati, nikaandika: «Nimesha pona. Kesho tunaonana kazini.»

Wandugu, asubui yenye kufuata, saa kumi na moja, mulango ulipigwa. Ilikuwa ekipe. Pedeje wa shimo alikuwa ameona statu. Wamekuja na tochi, nyundo na burini yangu, tayari kunipeleka. Na miye nilikuwa nimelala chini ya blanketi, na dozi mbili zingali ndani ya karatasi.

Niliona haya kukataa, juu maneno yalikuwa yangu. Ni muke wangu aliyesimama mulangoni na kuwaambia: «Huyu mutu wa picha hayuko hapa. Huku kuna mugonjwa tu.»

Aliniokoa. Juu tunajua ndugu mumoja wa ekipe ingine, jina yake nitaacha. Yeye alimeza dozi tatu, akajisikia muzima, zile komprime 12 zenye zilibaki akapatia ndugu yake mwenye alianza homa. Aliona amefanya mapendo. Kumbe alifanya wagonjwa wawili wa nusu. Dawa ya kwanza, artemeter, inaua vimelea vingi sana lakini inatoka ndani ya mwili haraka. Ya pili, lumefantrini, inakaa siku mingi na kazi yake ni kumaliza vyenye vilibaki. Kama umeacha njiani, wale wachache wenye walibaki wanaanza kuzaa tena polepole. Wiki tatu kisha, homa ilimurudilia, na ilimurudilia akiwa mbali, penye hakuna kituo. Na ndugu yake mwenye alimeza 12 bila testi, naye hakupona.

Basi kanuni ya pili: homa kushuka si kupona. Na picha yenye inasema «nimesha pona» ni saini yako ya kurudia shimoni.

Picha ya tatu: «Dozi ya 5 kati ya 6»

Kisha ile aibu, nilibaki kitandani. Siku ya tano, saa ine asubui, nilimeza dozi ya tano. Binti yangu aliuliza: «Papa, leo uandike nini?» Sikuwa na nguvu ya kuandika uongo, juu uongo ni murefu. Hata vidole vilikuwa vinakosa herufi. Nilitaka kuandika «dozi», ikatoka «doto». Nilimuambia: andika hivi:

«Dozi ya 5 kati ya 6. Homa imeenda, magoti ni ya mukopo. Musipige simu, nitapiga siku ya posho. Ule mufuko chini ya kitanda ni maharagi.»

Ile ya maharagi muniruhusu nielezee. Ndani ya picha ya pili, nyuma ya kichwa yangu, ilionekana mufuko umefungwa vizuri na kamba. Negosiani watatu waliandika kuniuliza bei. Mumoja aliniuliza kama iko na etiketi, kama bado basi anipunguzie. Hakuna hata mumoja kati yao aliyeniuliza hali. Basi mbele ya kuweka picha, muangalie nyuma yenu. Telefone haionyeshi tu mugonjwa, inaonyesha nyumba.

Lakini hayo mengine, «magoti ni ya mukopo», watu walicheka sana na ni kweli tupu. Nilisimama kwenda choo, metre kumi na tano, nikapumuzika mara mbili. Nilikaa juu ya kinu sawa muzee. Kuku alinipita.

Ule uchovu una sababu. Kimelea kinaingia ndani ya chembe nyekundu za damu, kinakula ndani, kinazaa, halafu kinapasua na kutoka kwenda kuingia zingine. Kila homa kali ni maelfu kwa maelfu ya chembe zimepasuka. Na hizo chembe ndizo zinabeba hewa kutoka mapafu mpaka kwenye misuli. Dawa inaua vimelea ndani ya siku tatu, lakini haijengi damu. Damu inajengwa na mwili, polepole, na inaweza kuomba wiki kadhaa. Tena kuna dawa ingine yenye wengi wetu tunapewa, artesunate na amodiakini, yenyewe ni mara moja kwa siku, siku tatu. Ile inaponyesha vizuri, lakini wengi wanaijua: amodiakini inaweza kulegeza mwili kwa siku zile. Mutu anafikiri dawa inamuua, anaiacha siku ya pili. Asiache. Alale tu, amalize.

Sasa fikirini shimo. Wenye hamujashuka, mujue: ndani kuna joto, hewa ni kidogo, na mutu anapanda kwa mikono na miguu, mufuko ku mugongo. Mutu muzima anatoka akihema. Mutu mwenye damu yake imepunguka, ule hewa kidogo hauna gari ya kuubeba. Kizunguzungu kinakuja akiwa katikati ya kamba. Mwenzetu mumoja alishuka siku mbili tu kisha dozi ya mwisho. Kushuka haikuwa shida. Wakati wa kupanda, macho yakawa giza, mukono ukaachilia, akateleza karibu metre mbili na kuvunja mukono. Tulisema «bahati mbaya». Hapana. Ile kamba ilikuwa nzima, na shimo lilikuwa limeshikwa vizuri na miti. Kilichokuwa na upungufu ni damu.

Namna ya kujitambua: ufungue kikanja cha mukono karibu na cha mutu muzima, muangalie rangi. Uvute chini ya jicho. Kama ni nyeupe-nyeupe, damu ni kidogo, rudi kwa munganga. Kama rangi ni nzuri, upande kilima cha karibu na nyumba bila mufuko. Kama unasimama njiani kupumuzika, ao moyo unapiga kwa nguvu, shimo lingali mbali. Anza juu: kupanga mawe, kusafisha koltani, kuandika mifuko. Kushuka itakuja.

Na kitu kimoja tena. Siku kumi kisha kupona, jirani aliniambia nipime tena «kuhakikisha». Musipoteze franka yenu. Testi nyingi za kidole zinatafuta alama yenye kimelea kinaacha ndani ya damu, na ile alama inaweza kubaki wiki kadhaa hata kimelea kimekufa. Inaonyesha T, na mwenye kuuza dawa anafurahi kukuuzia dozi ingine yenye hauna lazima nayo. Kama homa haijarudi, usipime. Kama homa imerudi, usijipime ku farmasi, enda penye kuna mikroskopi, waangalie kama kimelea kinaishi kweli. Na kama testi ya kwanza kabisa inaonyesha hakuna malaria, musilazimishe dawa ya malaria; homa ina sababu zingine, zitafutwe.

Sababu yenye inafanya tunadanganya ku picha

Nilijiuliza: kwa nini miye, mutu wa sendika, niliandika «nimesha pona»? Jibu ni franka. Ndani ya mashimo yetu, mwenye hakushuka, hana fungu. Pedeje anachukua yake, ekipe inagawanya yake, na mwenye alilala anapata pole. Siku tano kitandani ni siku tano bila unga. Ndiyo maana tunacheka mbele ya kamera na tunatetemeka nyuma yake.

Nilipopona, nilipeleka hii neno ndani ya mukutano wa ekipe yetu. Tulikubaliana mambo matatu. Ya kwanza: mwenye ameonyesha testi, anabaki na nusu ya fungu lake kwa siku tatu za dawa na siku ine za kisha. Ya pili: hakuna mutu wa kupiga mulango wa mugonjwa mbele ya yeye mwenyewe kutuma picha ya karatasi ya dawa ikiwa tupu. Ya tatu: kila posho tunamwanga maji yenye kusimama karibu na kambi, ndani ya mashimo yenye tuliacha na ndani ya mabeseni ya kuoshea. Mbu inaomba wiki moja ao kidogo zaidi kutoka yai mpaka kuruka. Mwenye kumwanga kila wiki, anavunja ile safari katikati. Visima vikubwa hatuwezi kuvimaliza, tunajua. Ndiyo maana musitikere inabaki ndani ya begi ya kila mutu mwenye anashuka Walikale, hata begi ijae. Muache nyundo, kule mutapata ingine.

Pedeje alibishana juu ya jambo la kwanza. Alisema wavivu watakuwa na homa kila siku ya kwanza. Tulimujibu: ndiyo maana tunaomba testi, mustari wa T hauna ndugu. Alikubali kwa majaribio. Mpaka leo, waliolala wamekuwa wachache, na wote walirudia na miguu yao wenyewe.

Kwa wenye watapiga picha kesho

Kama umelala na mutoto anasimama na telefone, uandike vitu vitatu tu, juu nguvu ni kidogo na wasomaji nao wana kazi. Namba ya dozi: 1 kati ya 6, 2 kati ya 6. Kitu kimoja cha kuchekesha juu ya mwili wako mwenyewe, kusudi mama yako mwenye anaangalia kutoka Goma asilie. Na siku yenye utapiga simu, kusudi wasikupigie wewe.

Lakini kuna picha yenye haipashwi kupigwa. Kama mugonjwa anaongea maneno bila kichwa wala mukia, anashindwa kukaa ao kusimama, anatapika kila kitu, anatetemeka na kukaza mwili, macho yamekuwa manjano, mukojo umekuwa mweusi sawa koka, ao anahema haraka: muache telefone ya picha, mutafute pikipiki. Ile ni malaria kali, komprime hazitoshi, anaomba sindano ya artesunate kwenye lopitali, na kila saa inahesabiwa. Ni vile vile kwa mutoto mudogo na mama mwenye mimba: homa ya kwanza, kituo, bila kungojea tangawizi.

Picha yangu ya mwisho niliweka wiki mbili na nusu kisha. Nilikuwa nimesimama juu ya shimo, bado sijashuka, mukononi kalamu na daftari ya mifuko. Niliandika: «6 kati ya 6. Magoti nimelipa. Kuku amenisalimia kwa heshima.»

Negosiani mumoja alijibu palepale: «Na maharagi?»

Tulishakula.